Tumehamia Kisutu Kuanzia Jumatatu

Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno matano tu: "Tumehamia Kisutu kuanzia Jumatatu. Karibuni." Uliingia kwenye simu ya mama mwezi Septemba 2021. Mama akausoma, akasema Alhamdulillahi, mama wa bizari amepata pa kukaa, kisha akaendelea kuchambua mchele. Viungo vya mgahawa vilikuwa bado vipo. Vilipokaribia kuisha ilikuwa Novemba, na mama akanituma mimi.

Mama yangu ana mgahawa mdogo Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Mdalasini na pilipili manga anapata hapahapa, vinashuka kutoka milima ya Uluguru. Lakini bizari nyembamba, iliki na ile bizari ya pilau iliyochanganywa amekuwa akinunua kwa mtu mmoja Kariakoo, huyo mama wa bizari, tangu mimi niko shule ya msingi. Wala si kwa sababu ya bei. Yule mama hukaanga bizari nyembamba kidogo kabla ya kuisaga, na hachanganyi ya zamani na mpya. Mtu akishazoea pilau ya namna hiyo, huwezi kumbadilishia bila yeye kujua.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Ni lile jengo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua. Wafanyabiashara wakatawanyika. Wengine walipangiwa Soko la Kisutu, wengine Machinga Complex kule Karume, wengine wakajibanza kwenye mitaa ya jirani huku wakisubiri. Mama wa bizari alikaa na meza ya mbao kando ya mtaa kwa wiki kadhaa, kisha akapata kizimba Kisutu. Sisi wa Morogoro tulilijua hilo kwa maneno yale matano.

Jumamosi tarehe 13 Novemba niliondoka Msamvu saa 12 asubuhi. Chalinze tulinunua mahindi ya kuchoma dirishani, Mlandizi tukasimamishwa kwa ukaguzi, na saa 4 kasorobo basi likaingia stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nikapanda daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi: Ubungo, Manzese, Magomeni, bonde la Jangwani, Fire. Nikashuka Msimbazi Polisi. Simu ya mama wa bizari nilikuwa nimeipiga tangu Chalinze na haikuwa inapatikana. Nikajiambia nitaanzia pale pale alipokuwa, maana mtu aliyekaa mahali pamoja miaka ishirini lazima ameacha alama.

Ameacha kweli. Ukutani, jirani na soko lililofungwa, palikuwa na karatasi na maboksi mengi yaliyobandikwa moja juu ya jingine. Nilisimama pale karibu nusu saa nikisoma, na watu wengine walisimama pia, kila mmoja akimtafuta mtu wake. Muuza mbegu amehamia mahali fulani. Muuza vyungu "yupo nyuma". Mmoja aliandika "Tupo palepale", na hakuna aliyeweza kusema palepale ni wapi. Tangazo la mama wa bizari nilikuta limeandikwa kwa maka peni kwenye kifuniko cha boksi la sabuni. Nilijua ni lake kwa mwandiko, maana ndio uleule wa kwenye vifuko vyake: TUMEHAMIA KISUTU KUANZIA JUMATATU. KARIBUNI WATEJA WETU. Chini yake palikuwa na namba mpya ya simu. Mvua ilikuwa imeteremsha wino, na tarakimu mbili za mwisho zilikuwa doa la bluu.

Nililitazama boksi lile kwa muda, na hapo ndipo nilipoanza kuona makosa ambayo kwenye simu hatukuyaona. "Kuanzia Jumatatu" ilikuwa kweli siku ile lilipobandikwa, na ikawa bado kweli siku ninayolisoma, kwa hiyo haikumwambia aliyechelewa chochote. Mteja aliyepita Alhamisi kabla ya kuhama angejua bado yupo hapa siku tatu nzima. Mimi niliyefika Novemba sikujua kama ninasoma habari ya wiki iliyopita au ya miezi miwili. Labda alishahama tena. Wenzake kadhaa walikuwa wamehama mara mbili. Tangazo lisilo na tarehe kamili huwezi kulijua limekufa au liko hai.

Pembeni alikaa kijana mwenye meza ya viungo. Aliniona ninavyosoma, akaniambia, "Kaka, unamtafuta mama wa bizari? Mimi ndiye kaniachia wateja wake. Njoo nikupimie." Nikamwomba ninuse bizari nyembamba. Ilikuwa mbichi, haijapita motoni, na vumbi lake lilikuwa la kijivu. Nikamshukuru, nikaondoka. Lakini kwa macho ya mteja aliyechoka na mzigo wake wa safari, meza ile ilikuwa karibu na tangazo lilikuwa linampeleka mbali asikokujua. Wangapi walinunua pale wakaamini wamenunua kwa mtu wao?

Nikachukua bodaboda. Nikamwambia, "Nipeleke Kisutu." Akanipeleka mahakamani.

Sikumlaumu. Dar es Salaam ukisema Kisutu, mtu mwenye haraka anafikiria Mahakama ya Kisutu, ile inayotajwa kwenye taarifa ya habari kila wiki. Mama yangu naye, nilipompigia simu kumweleza nilipo, aliniuliza kama niko upande wa stendi, maana yeye Kisutu aliyoijua ujanani ni ya mabasi ya mikoani kabla hayajahamishwa. Kwa hiyo neno moja la kwenye tangazo lilikuwa na sehemu tatu: ya dereva, ya mama yangu na ya muuza bizari. Muuza bizari alipoliandika alikuwa na soko kichwani, na hakuona haja ya kuandika neno "soko".

Kutoka mahakamani nilitembea. Soko la Kisutu lilikuwa jengo jipya la ghorofa, halikufanana na lile banda la zamani ambalo watu wengi walikuwa wanalijua. Niliingia nikiwa na uhakika kwamba kazi imekwisha. Nikamuuliza muuza mchicha wa kwanza: "Samahani mama, namtafuta mama mmoja muuza viungo, ametoka Kariakoo." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, huku wengi tumetoka Kariakoo. Yupi?" Jina lake halisi silijui. Sisi nyumbani tunamwita mama wa bizari, jirani zake wa zamani walimwita mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kwenye orodha ya soko ameandikwa kwa jina la cheti. Nilipanda ghorofani, nikashuka, nikapanda tena kwa ngazi nyingine. Saa 7 mchana nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja mwenye guta, aliyekuwa amejilaza juu ya magunia akisubiri mzigo. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Hakunyanyua kichwa. "Yule wa mizani ya shaba? Nilimhamisha mimi. Magunia manne, meza moja, ndoo mbili na mizani. Ghorofa ya kwanza, ngazi za upande huu, ukifika juu kamata kulia hadi dirishani. Mzigo wa iliki alibeba mwenyewe, hakuniamini." Nikapanda. Kabla sijafika dirishani nilisikia harufu ya bizari iliyokaangwa.

Tangu siku ile nikitafuta mtu aliyehama, naanza na wachukuzi. Mtangazaji anaandika jina la mahali, lakini mchukuzi amepapita kwa miguu akiwa na gunia begani, na anajua ni ngazi ngapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si mtoto wa mgahawa wa Moro? Nilisema mama yako amenitupa."

Alinivutia ndoo nikakaa. Kizimba chake kilikuwa kisafi, kikubwa kidogo kuliko cha zamani, na kilikuwa kimya. Kwa muda wote niliokaa pale, zaidi ya saa moja, walikuja wanunuzi watatu, wote wa mitaa ya jirani, wa viungo vya mia tano. Aliniambia daftari la wateja wa mikoani liliungua pamoja na mali. Alizobaki nazo ni namba alizohifadhi kwenye simu, akazitumia ujumbe, na mwezi uliofuata simu yenyewe ikaibiwa kwenye daladala. Ndiyo maana nilikuwa napiga haipatikani. Namba ya laini mpya ndiyo aliyoiongeza baadaye kwenye boksi, ile iliyoliwa na mvua. Hakuwa amerudisha laini ya zamani kwa sababu kila siku aliona ataenda kesho, na kufunga kizimba nusu siku kulimuuma.

Nikamwambia kuhusu yule kijana. Akatikisa kichwa. Hakuwahi kumwachia wateja. Aliyemwachia ni mmachinga mwingine, muuza soksi, kijana mwaminifu aliyekuwa anakaa chini ya boksi lile na kuwaelekeza watu kwa mdomo. Kwa wiki tatu mambo yalikwenda vizuri; karibu kila siku mtu alifika akisema ameelekezwa na muuza soksi. Kisha Oktoba wamachinga wakaondolewa kandokando ya barabara, naye akaondoka na soksi zake. Kuanzia siku hiyo, mama alisema, wateja wakakatika kama maji ya bomba.

Hapo nilielewa kwamba lile boksi halikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Aliyekuwa akileta watu ni muuza soksi. Yeye alijua tarehe, alijua ni sokoni na si mahakamani, alijua ghorofa, na mtu akimuuliza "mama gani?" aliweza kujibu. Alipoondoka, lililobaki ukutani ni kumbukumbu ya maneno yake, tena nusu yake.

Tukaamua kuliandika upya tangazo lile. Mama wa bizari alitoa daftari la kodi, akageuza nyuma, nami nikashika kalamu. Ilituchukua muda kuliko nilivyodhani, kwa sababu kila mstari tulijiuliza mtu wa Morogoro au Ifakara, asiyeijua Dar, atausomaje. Jina lilikuwa la kwanza. Mama alitaka liwe la leseni. Nikamwambia hakuna mteja anayelijua. Tukaandika analoitwa, na alama inayoonekana kwa macho: mizani ya shaba. Tarehe ya pili. Ingawa miezi miwili ilikuwa imepita, tuliiandika kamili, siku, tarehe, mwezi na mwaka, na chini kabisa tukaongeza tarehe tuliyoliandika bango, ili anayesoma baadaye ajue habari ni ya lini. Kisha njia, na hapa mama ndiye aliyekuwa mwalimu, maana alikuwa ameitembea kila siku kwa wiki nane. Mwishowe likasomeka hivi:

MAMA WA BIZARI (MIZANI YA SHABA), ZAMANI SOKO KUU KARIAKOO.
TULIHAMA JUMATATU, 20 SEPTEMBA 2021. SASA TUPO SOKO LA KISUTU. SI MAHAKAMANI.
KWA MIGUU KUTOKA HAPA: PITA MNAZI MMOJA, VUKA BARABARA YA BIBI TITI, SHIKA KUSHOTO, ULIZA SOKO LA KISUTU.
NDANI: GHOROFA YA KWANZA (PANDA NGAZI MARA MOJA), KULIA HADI DIRISHANI.
JUMATATU HADI JUMAMOSI, SAA 1 ASUBUHI HADI SAA 11 JIONI.
HATUJAMWACHIA MTU MEZA WALA WATEJA.
LIMEANDIKWA 13 NOVEMBA 2021.

Namba ya simu ilikaa mwisho, kubwa, na tukaiandika mara mbili, juu na chini, ili moja ikifutika nyingine ibaki. Maneno "panda ngazi mara moja" aliyasisitiza mama. Alisema wateja wake watu wazima wakisoma ghorofa ya kwanza wengine huhesabu kuanzia chini, wanazunguka chini kwa chini kisha wanakata tamaa. Na ule mstari wa "hatujamwachia mtu" niliupendekeza mimi, naye alisita kidogo kwa sababu hakutaka ugomvi na yule kijana. Akakubali tulipoona kwamba haumtaji mtu.

Kuchapisha si kazi Kariakoo. Tulitoka pamoja saa 9, tukapita mtaa wenye mafundi wa mabango, na kabla ya saa 11 tulikuwa na bango la turubai la mita moja kwa nusu mita, herufi nyeusi juu ya manjano. Fundi alitaka kuweka picha ya maua na upinde. Mama alikataa. Alitaka herufi za njia ziwe kubwa kuliko za "karibuni", na akasimama hatua kumi kutoka mezani kwa fundi kuhakikisha anazisoma bila miwani.

Swali lililobaki ni pa kulitundika. Ukuta wa soko ulikuwa karibu zaidi na mazoea ya watu, lakini ukuta hauna mwenyewe. Usiku wanabandua, asubuhi mwingine anabandika juu. Mama wa bizari alikuwa na rafiki yake fundi cherehani mwenye fremu mtaa wa pili, mwenye mlango, kufuli na mkataba wa kodi wa mwaka mzima. Huyo hakuwa wa kuondolewa kandokando ya barabara. Tukalitundika juu ya mlango wake, na kule ukutani tukaacha karatasi ndogo tu inayosema "Mama wa bizari: uliza kwa fundi cherehani mwenye bango la manjano". Karatasi ikichanika, inaandikwa nyingine kwa dakika moja. Yule mama fundi aliahidi kuwaelekeza watu, na mama wa bizari aliahidi kumletea iliki ya chai kila mwisho wa mwezi. Aliahidi mbele yangu, naye fundi akamjibu, "Usisahau tu."

Nikauliza bango libaki kwa muda gani. Mimi nilifikiria mwezi mmoja, labda miwili. Mama wa bizari alinitazama kama mtu asiyejua biashara. Akaniambia wateja wa mitaani wanakuja kila wiki, hao walishajua. Wa migahawa kama mama yangu wanakuja kila miezi miwili au mitatu. Lakini wapo wanaokuja mara moja tu kwa mwaka, kabla ya Ramadhani, wananunua kilo kwa kilo, za familia nzima na za futari ya msikiti. Hao Novemba hawana habari kama kuna moto wala kuhama. Watafika Machi, wataelekea pale pale walipopazoea, na wasipokuta neno watamwendea yule kijana. "Likitolewa kabla ya Idi," alisema, "nimelipoteza bure."

Nililala Dar kwa ndugu, nikarudi Morogoro Jumapili na kilo mbili za bizari nyembamba, nusu kilo ya iliki, bizari ya pilau, na karatasi yenye maneno yale yale ya bango. Mama wa bizari alikuwa ameninakilia kwa mkono wake. Kwa wateja wa mbali aliokuwa akikumbuka alianza kutuma ujumbe huo mzima, siyo tena maneno matano, na alituma Ijumaa jioni, mtu anapopanga safari ya Jumamosi. Jumatatu iliyofuata alifunga kizimba asubuhi akaenda kurudisha laini yake ya zamani.

Ramadhani ya mwaka 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili. Wiki mbili kabla yake mama yangu aliamua kwenda mwenyewe, na kwa makusudi sikumpa karatasi wala kumweleza njia. Alishuka Msimbazi Polisi, akaenda moja kwa moja ukutani kama alivyozoea miaka yote. Karatasi ndogo ilikuwepo, mwandiko mpya. Akamfuata fundi cherehani, akasoma bango, akanywa maji, akatembea dakika ishirini kwa mwendo wake wa mtu mzima, akapanda ngazi mara moja, akashika kulia. Alinipigia simu akiwa dirishani. Sauti za watu zilikuwa nyingi nyuma yake, na mama wa bizari alikuwa anamwambia mtu mwingine asubiri, ampimie kwanza mgeni wa Moro.